Maneno ya korasi yanapotea ukiongeza hamoni? Tafuta shida kwa mpangilio huu

Hii hali mnaijua. Lidi akiimba peke yake kila neno linasikika vizuri, unamwekea sauti ya tatu juu yake bado poa, unaongeza na ya sita, unarekodi kila moja mara mbili ili iwe nene, afu unakuja kusikiliza korasi nzima na unachopata ni wingu tamu la "aaa" na "ooo" ambalo mtu asiyejua wimbo hawezi kuandika hata mstari mmoja. Hapo mkono unaenda wenyewe kwenye ikwalaiza. Mimi nimefanya hivo miaka, nakata huku napandisha kule, na mara nyingi shida haikuwa kwenye ikwalaiza kabisa, ilikuwa kwenye noti nilizochagua au kwenye midomo ya waimbaji, na hivo vitu viwili hakuna kitufe cha kuvirekebisha vizuri baadaye.

Kwaiyo hapa ntafuata mpangilio wa noti kwanza, vokali za juu, konsonanti, mwisho kabisa ndo vitufe. Ukiruka hatua utajikuta unarudi.

Tuelewane kidogo kwenye majina. Nikisema tatu namaanisha noti ya tatu ukihesabu lidi mwenyewe kama moja, lidi yuko do tatu yake ni mi. Sita ni hivohivo, lidi do sita yake ni la. Na ili tusiongee hewani ntatumia mstari mmoja wa korasi niliopanga mwenyewe, lidi ni mwanamke, do iko kwenye C ya katikati ya kinanda, mwendo ni mapigo 84 kwa dakika, na kodi (za kinanda, sio za nyumba) ni C, A maina, F, G. Maneno ni haya:

"Usiku ukishuka, taa yako nitawasha"

Melodi ya lidi:

u-si-ku: mi so mi (kodi ya C)
u-ki-shu-ka: mi re do do (A maina)
taa ya-ko: la so fa (F)
ni-ta-wa-sha: fa mi re re (G)

Silabi zinazovutwa ni "si", "shu", "taa" na "wa". Hizo zikumbuke maana ndo zinaleta kesi zote.

Kabla ya chochote, jua ni sauti ipi inaleta shida

Zima ala zote zibaki sauti za watu. Sikiliza lidi peke yake, afu lidi na tatu tu, afu lidi na sita tu, afu zote pamoja, mwisho rudisha ala urudie. Punguza spika mpaka iwe kama redio ya chumba cha pili, maana kwa sauti kubwa kila kitu kinaonekana kiko sawa. Bora zaidi mtafute mtu ambaye hajawahi kuona mashairi, mpe kalamu aandike anachosikia. Wewe huwezi kufanya hilo jaribio mwenyewe, ubongo wako unajua maneno tayari na unajaza mapengo bila kukuuliza.

Maneno yakipotea kwenye lidi na tatu tu, shida ni noti au konsonanti. Yakipotea ukiweka sita ndo ila tatu iko salama, mara nyingi ni vokali za juu. Kila mbili ni safi ila zote pamoja ndo matope, hapo unaweza kuanza kufikiria noti za kodi na vitufe.

Dalili: kila mtu yuko kwenye toni lakini ukiziweka pamoja na ala panasikika pachafu, maneno fulani tu ndo yanazama

Angalia vizuri, ni maneno fulani, sio yote. Hiyo ni alama ya noti kugombana na kodi. Sikio linapopambana na mgongano wa noti halina nafasi ya kusikiliza neno.

Kosa linaanzia kwenye imani kwamba tatu na sita ni salama popote. Sio kweli, na kuna sababu rahisi sana ambayo mi mwenyewe nilichelewa kuiona. Ukichukua lidi, ukaweka tatu juu yake na sita juu yake kwa pamoja, umeshatengeneza kodi kamili ya noti tatu, na msingi wa hiyo kodi ni ile noti ya sita. Lidi mi, tatu so, sita do, hiyo ni kodi ya C. Lidi do, tatu mi, sita la, hiyo ni A maina. Kila mara unapata kodi ambayo lidi ndo noti yake ya kati. Sasa kinanda au gita likiwa linapiga kodi hiyohiyo unapata utamu, likiwa linapiga nyingine waimbaji wako wanaimba kodi moja na ala zinapiga nyingine.

Kwaiyo swali la kujiuliza kwenye kila silabi inayovutwa ni moja tu, lidi kashika noti gani ya kodi? Majibu yako matatu.

Akiwa kwenye noti ya kati ya kodi, tatu na sita zote zinakaa. Kwenye mfano wetu "shu" ni do juu ya A maina, tatu ni mi, sita ni la, safi kabisa. "Taa" ni la juu ya F, tatu do, sita fa, safi tena. Silabi hizo ziache kama zilivyo.

Akiwa kwenye msingi wa kodi, tatu inakaa ila sita inatoka nje. Shusha ile sita hatua moja iwe tano. Kwetu ni silabi "ko", lidi yuko fa juu ya F, tatu ni la iko poa, sita ingekuwa re ambayo haimo kwenye F, kwaiyo inaimbwa do. Ukiiacha re haitapiga kelele, ila kodi itaanza kusikika kama D maina na mstari unapoteza mguu.

Akiwa kwenye tano ya kodi, sita inakaa ila tatu ndo inatoka. Pandisha tatu hatua moja iwe nne. Hii ndo inayoumiza watu zaidi. "Si" kwenye "usiku" ni so juu ya kodi ya C, tatu yake ni ti, na ti imekaa nusu toni tu chini ya do inayopigwa na kinanda na kila mtu. Unavuta silabi yenye mkazo huku noti mbili zinasuguana, nani atasikia "usiku"? Weka do ya juu badala ya ti, sita ibaki mi ya juu, kidonda kimepona bila kugusa kitufe chochote.

Mstari wote ukishasahihishwa kwenye silabi ndefu na ile "ko" unakuwa hivi:

si: lidi so, sauti ya kati do, ya juu mi
shu: lidi do, ya kati mi, ya juu la
taa: lidi la, ya kati do, ya juu fa
ko: lidi fa, ya kati la, ya juu do
wa: lidi re, ya kati so, ya juu ti

Hiyo "wa" ina hadithi yake. Lidi yuko re juu ya G, tatu yake halisi ni fa, na fa juu ya G sio kosa, inatengeneza G saba ambayo inatamani kurudi C. Mi nimeweka so kwenye marudio yote ya korasi ili neno "nitawasha" litulie, isipokuwa marudio ya mwisho nimeacha fa kwa sababu hapo nataka ivute. Ni chaguo, sio sheria. Silabi fupi za kupita, kama "ki" au "ya", zisikunyime usingizi, tatu za kawaida zinatosha maana zinapita kabla sikio halijalalamika.

Kama hamoni zako hazikuimbwa na mtu, zimetengenezwa na plagini ya kupandisha sauti, angalia kama umeiwekea namba moja isiyobadilika. Watu wanaweka +4 wanasema hiyo ni tatu. Kwenye ufunguo wa C, nusu toni nne zinafaa tu lidi akiwa do, fa au so, akiwa re, mi, la au ti inatakiwa tatu. Ukiacha +4 muda wote lidi akienda re unapata fa iliyopandishwa nusu, ambayo haimo kwenye ufunguo. Kwa sita, nusu toni nane zinafaa mi, la na ti, zilizobaki ni tisa. Iambie plagini ufunguo wa wimbo ifuate skeli, na hata hapo bado itabidi usahihishe kwa mkono zile silabi tulizoziona kama "si" na "ko", maana inajua skeli lakini kodi haizijui.

Dalili: sauti ya juu imegeuka kuwa lidi, au "i" na "u" zinasikika kama kitu kingine

Vitu viwili vinachanganyika hapa na vyote vinatoka kwenye sita.

Cha kwanza, sikio la binadamu lina tabia ya kuchukua sauti ya juu kabisa kama ndo melodi. Ukiweka sita juu ya lidi kwa nguvu ileile, msikilizaji anafuata sita, na kama aliyeimba sita hatamki vizuri basi msikilizaji anasikia wimbo usiotamkwa vizuri hata kama lidi yako anatamka kama mtangazaji. Dawa sio kushusha fada tu. Mwambie mwimbaji wa sita aimbe laini, kwa pumzi nyingi kidogo, arudi nyuma ya maiki labda hatua moja. Sauti iliyoimbwa kwa nguvu afu ikashushwa fada bado inasikika kama mtu anapiga kelele kwa mbali.

Cha pili ni fizikia ya mdomo na hiki wengi hawakiwazi. Vokali tunaitambua kwa milio fulani ambayo mdomo unaipa nguvu. Kwa "i" na "u" mlio wa kwanza wa hiyo nguvu uko chini sana, kwa sauti ya mwanamke ni kama hezi 300 mpaka 400 hivi. Kwa "a" uko juu, kama 800 na kuendelea. Sasa angalia sita yetu kwenye "si", ni mi ya juu, hiyo ni hezi 659. Noti yenyewe imeshapita mbali pale ambapo "i" ingejitambulisha. Mwimbaji hata ajitahidi vipi, kwenye noti hiyo "i" yake inaanza kufanana na vokali nyingine, na kwa kawaida ataufungua mdomo zaidi bila kujua ili noti itoke vizuri, unapata "useku". Lidi wakati huo yuko so, hezi 392, "i" yake bado ina uhai. Ukizichanganya kwa nguvu sawa ndo unasikia kitu kati ya "si" na "se" na "sü" isiyojulikana.

Linganisha na "taa". Sita hapo iko juu zaidi, fa ya hezi 698, lakini haisumbui kabisa kwa sababu "a" inapenda kukaa huko. Ndo maana hamoni za juu kwenye "a" zinapendeza siku zote na kwenye "i" na "u" zinafanana na filimbi. Kabla hujarekodi pitia mashairi upigie mstari kila "i" na "u" inayovutwa, hizo ndo sehemu ambazo sita itakusumbua ikiwa juu.

Ufumbuzi upo wa aina tatu. Unaweza kuishusha sita oktavu nzima, na hapa kuna raha yake, sita juu ya lidi ikishushwa oktavu inageuka kuwa tatu chini ya lidi, noti ni ileile kodi ni ileile, ila sasa mi inakaa hezi 330 chini ya so ya lidi na "i" inarudi kuwa "i". Au unaacha silabi hiyo iimbwe na lidi na sauti ya kati tu, ya juu inaingia kwenye "ku". Au unamruhusu mwimbaji wa juu avute "a" nyepesi bila neno. Kwenye mfano wetu nilishusha oktavu kwenye "si" peke yake, ikasikika kama mtu karuka ngazi, nikaacha. Nikanyamazisha ya juu kwenye "usiku" lote na kuiingiza kwenye "ukishuka". Hakuna aliyewahi kuuliza imeenda wapi, na "taa" ilipokuja na sauti zote tatu ikawa kama mtu kafungua dirisha.

Na hilo "shu" lina "u" inayovutwa pia, mnaweza kuuliza. Sita yake ni la, hezi 440, iko chini kidogo kwaiyo "u" inapungua ila haifi. Niliiacha.

Dalili: "s", "sh", "k" na "t" zinasikika mara mbili tatu, kama watu wanafukuzana

Hesabu midomo. Lidi mmoja, tatu mara mbili, sita mara mbili, hiyo ni midomo mitano inayosema "k" ya "ukishuka". "K" ni mlipuko mfupi sana, wakipishana milisekunde 40 tu unasikia makofi madogo badala ya "k" moja. "S" na "sh" ni ndefu zaidi kwaiyo hazirudii ila zinarefuka, "shhhhuka", na huo mzomo mrefu unafunika mwanzo wa vokali.

Mafunzo mengi ya mtandaoni yanasema waimbaji wa hamoni waache konsonanti za mwisho wa neno. Ushauri mzuri kwa Kiingereza, kwetu haufai kitu, maneno yetu karibu yote yanaishia na vokali. Shida yetu iko mwanzo wa silabi, na kila silabi ina mwanzo wake. Kwaiyo sisi tunalainisha mwanzo. Lidi ndo anabeba konsonanti, wengine wanazigusa tu. "K" iwe nusu ya nguvu, "s" iwe fupi, "t" iguse kama "d" nyepesi. Mwimbaji akishaelewa kwamba kazi yake ni vokali na kwamba neno linabebwa na mtu mwingine, nusu ya kazi imeisha hapohapo kwenye maiki. Wawekee lidi kwenye hedifoni juu zaidi ya kila kitu wakati wanarekodi, afu waambie kama ni kukosea bora wachelewe nywele moja kuliko kuwahi. Konsonanti ya hamoni ikichelewa kidogo inajificha nyuma ya lidi, ikiwahi inakuwa ndo ya kwanza kusikika na lidi anaonekana kachelewa.

Ikishakuwa imerekodiwa tayari, unakuza mawimbi kwenye skrini na kusogeza. Usilinganishe na gridi, linganisha na lidi. Na usilinganishe mwanzo wa "s", linganisha pale ambapo vokali inaanza baada yake, hapo ndo sikio linahesabu mdundo. Ukilinganisha mianzo ya "s" wakati mmoja "s" yake ni ndefu na mwingine fupi, vokali zinapishana na bado ni fujo. Zikishakaa ndani ya milisekunde 20 hivi acha, usizinyooshe mpaka zifanane, zikifanana sana unapoteza ule unene ulioufuata.

Sasa niwaambie nilivyojiharibia. Kwenye "nitawasha" nilikuwa na "sh" tano zinazomwagika, nikaamua kuzikata kwenye hamoni, nikachukua mkasi nikakata kila "sh" nusu yake ya kwanza, nikaweka fedi fupi kabisa ili isipige klik. Nikaona kazi safi. Rafiki yangu akasikiliza, akaniuliza, sasa huyu jamaa mbona anasema taa yako nitawacha, anamwacha na taa? Nikacheka nikasema umesikia vibaya. Wa pili naye akaandika "nitawacha". Hapo nikarudi kwenye sesheni.

Tofauti kubwa kati ya "sh" na "ch" ni jinsi mzomo unavyoanza. "Sh" inapanda taratibu, "ch" inafungwa kwanza afu inalipuka ghafla. Ukikata kichwa cha "sh" na kuanza ghafla, umetengeneza "ch" kwa mkono wako, na mimi nilikuwa nazo nne zinamzidi nguvu lidi mmoja. Hivohivo "s" iliyokatwa kichwa inaelekea kwenye "ts". Dawa ni ama fedi ndefu ya kuingia, kama milisekunde 40 mpaka 60, ili mzomo upande wenyewe, ama utoe "sh" yote kwenye hamoni na fedi iingie moja kwa moja kwenye vokali. Nilichagua ya pili, hamoni zikawa zinaimba "nitawa-a" na lidi peke yake anasema "sha". Ukisolo hamoni inachekesha, kama watoto wanaojifunza kuongea. Ukiweka na lidi kila mtu anasikia watu watano wanasema "nitawasha". Usiogope kinachosikika kwenye solo.

Dalili: noti ziko sawa, midomo iko sawa, ila bado kuna uzito mbele ya lidi

Sasa ndo vitufe, na utashangaa ni vidogo kiasi gani vinahitajika ukishapita huko juu.

Anza na fada. Shusha hamoni zote mpaka zipotee, afu pandisha mpaka uanze tu kuhisi korasi imepanuka, hapo simama. Mimi huwa naishia tatu ikiwa kama desibeli 8 chini ya lidi, na sita chini zaidi, 10 au 11. Kipimo kizuri ni kuzizima ghafla katikati ya mstari, ukihisi chumba kimekuwa kidogo ila ulikuwa huzisikii waziwazi, ziko mahali pake. Ukiweza kufuata mstari wa sita kwa urahisi kuliko wa lidi, bado iko juu.

Ikwalaiza, kata chini kwanza. Noti ya chini kabisa ya hamoni zetu ni mi ya hezi 330, kwaiyo chini ya 250 hakuna wimbo, kuna pumzi, mlio wa chumba na "p" zinazopiga maiki, mara nne. Kata bila huruma. Kwa sauti za kiume zilizo oktavu chini hiyo 250 ingekula noti zenyewe, shuka kama 120. Afu kwenye eneo la hezi 2,500 mpaka 4,000 punguza hamoni kama desibeli 3 kwa mkato mpana. Huko ndo konsonanti za lidi zinapoishi, unamwachia njia. Watu wanafanya kinyume, wanampandisha lidi huko mpaka anakata masikio huku hamoni zimejaa palepale. Di-esa kwenye hamoni iwe kali kuliko ungethubutu kwa lidi.

Lidi katikati. Zile teki mbili za tatu moja kushoto moja kulia, kama asilimia 50 au 60, za sita ukutani kabisa. Lazima ziwe teki mbili tofauti za kweli. Ukikopi teki moja na kuiweka pande zote inarudi katikati, juu ya lidi. Ukiichelewesha ile kopi kidogo kwenye hedifoni inapanuka vizuri sana, afu mtu akicheza kwenye simu yenye spika moja zile kopi mbili zinakatana na sauti inakuwa ya kwenye bomba. Kwaiyo bonyeza mono kila baada ya muda.

Riveb ndo muuaji wa kimyakimya. Kwa mwendo wa mapigo 84, silabi zinazokwenda nusu ya pigo zinachukua kama milisekunde 357 kila moja. Riveb ya sekunde 2.5 ina maana mkia wa "u" bado uko hewani silabi saba baadaye, na una sauti tano ndani yake. Fupisha kwenye hamoni iwe kama sekunde 1.2, ikate chini ya 300 na juu ya 6,000, na uiweke di-esa kabla haijaingia, "s" ikiingia kwenye riveb haitoki. Ukitaka mkia mrefu mpandishie mwisho wa mstari tu, kwenye "sha", ambapo hakuna neno linalofuata haraka.

Bado kuna uzito? Rudi kwenye mashairi, usirudi kwenye plagini. Mara nyingi jibu ni kwamba hamoni zinaimba maneno mengi mno. Korasi yetu ilivyoishia, "usiku" ni lidi na sauti ya kati tu, "ukishuka" sauti zote ila "k" ni ya lidi, "taa" zote kwa nguvu, "yako" zote, "nita" lidi peke yake kwa sababu silabi ni fupi na hazina faida, "wa" zote, "sha" lidi. Nilimpa kalamu yule yule aliyesikia "nitawacha", korasi ya marudio ya pili, kwenye spika ya simu. Akaandika mstari wote, afu akaniuliza kama "taa" ina "a" mbili au tatu.